Laki nne za Arusha zikifika mkononi zinabaki ngapi?

*"Shikamoo mama. Mimi ni mhasibu, naishi Pasua hapa Moshi na mume wangu, mwalimu wa sekondari ya serikali. Tuna watoto wawili, wa miaka 7 na wa miaka 2, na mchana wanaangaliwa na bibi yao anayekaa mtaa wa pili. Tumepanga nyumba kwa 150,000. Nimepata kazi mbili kwa pamoja. Ya kwanza iko Njiro, Arusha, kampuni ya utalii: 1,500,000, yote mshahara wa msingi, mkataba wa mwaka mmoja. Ya pili iko hapa Moshi mjini: msingi 850,000, posho ya nyumba na usafiri 250,000, na bima ya familia. Nadaiwa bado 3,600,000 na Bodi ya Mikopo. Mume anasema laki nne haziachwi. Nichague ipi?"*

Marahaba mwanangu. Kwa jinsi mlivyo sasa, na kwa masharti uliyoyaandika, chukua ya Moshi. Ila usiikatae ya Arusha leo. Kuna namna ya kuirudisha mezani ikiwa na umbo jingine, na huenda jibu likageuka. Nimekaa na karatasi za mishahara zaidi ya miaka ishirini, na nimeona watu wengi wakihama kwa kuangalia tarakimu iliyoandikwa juu ya barua ya ajira. Tarakimu hiyo huwezi kwenda nayo dukani, kwa hiyo tuifuate hadi mfukoni.

Tuanze na ya Njiro. Kwenye 1,500,000, NSSF inachukua asilimia 10 ya mshahara ghafi, yaani 150,000. Kodi ya PAYE inakokotolewa baada ya kutoa mchango huo, kwa hiyo inaangalia 1,350,000. Kwa viwango vya Tanzania Bara vilivyoanza Julai 2021, mtu aliyevuka milioni moja analipa 128,000 pamoja na asilimia 30 ya kila kilichozidi milioni hiyo. Kwako ni 128,000 na 105,000, jumla 233,000. Halafu inakuja Bodi ya Mikopo, asilimia 15 ya mshahara wa msingi. Kwa kuwa wamekuandikia yote msingi, hiyo ni 225,000. Kinachobaki mkononi ni 892,000.

Ya Moshi ina ghafi ya 1,100,000. NSSF ni 110,000, inayobaki kwa kodi ni 990,000. Hapo bado hujavuka milioni, kwa hiyo unalipa 68,000 pamoja na asilimia 25 ya kilichozidi 760,000, jumla 125,500. Posho haziepuki kodi. Posho ya fedha taslimu inatozwa kama mshahara. Zinachoepuka ni makato ya Bodi, kwa sababu Bodi inaangalia msingi peke yake. Asilimia 15 ya 850,000 ni 127,500. Mkononi unabaki na 737,000.

Toa moja kwenye nyingine: 155,000. Zile laki nne za mume wako zimeshakuwa laki moja na nusu, na hujapanda gari bado. Umeangukia pale ambapo makato yanauma zaidi. Kila 100,000 ya msingi wanayokuongezea Arusha inakatwa 10,000 ya NSSF, 27,000 ya kodi na 15,000 ya Bodi, na wewe unaondoka na 48,000. Ikae kichwani hesabu hiyo. Tutaihitaji wakati wa kuzungumza nao.

Sasa maisha. Una njia tatu za kuifanya kazi ya Njiro, na nitazipima zote dhidi ya kubaki Moshi, maana hata kazi ya Moshi ina nauli ya kifodi kutoka Pasua. Bei nilizoweka ni za kufanyia hesabu. Futa, andika unazolipa wewe. Mpangilio utabaki uleule.

Njia ya kwanza ni kwenda na kurudi kila siku. Nimeweka Kosta 4,000, kifodi 600 kutoka Pasua hadi stendi, na 600 nyingine upande wa Arusha. Kwenda na kurudi ni 10,400, na kwa siku 22 za kazi ni 228,800. Nauli ya Pasua hadi mjini ambayo ungelipa kwa kazi ya Moshi ni 26,400, kwa hiyo nyongeza halisi ni 202,400. Ulikuwa na ziada ya 155,000. Unafanya kazi yenye mshahara mkubwa zaidi na nyumbani mnapungukiwa 47,400 kila mwezi.

Mimi nimeifanya safari hiyo miezi mitano, wakati wanangu wakiwa wadogo kama wako. Ni kilomita 80 hivi, na mtu akikuambia ni saa moja na nusu amehesabu kutoka stendi hadi stendi. Hajahesabu Kosta inayosubiri ijae, vijiji vya hamsini kwa saa ambako dereva anajua tochi imesimama wapi, wala Tengeru siku ya soko. Kutoka mlango wa nyumba hadi mlango wa ofisi nilikuwa natumia saa mbili na nusu siku nzuri. Natoka alfajiri wamelala, narudi wamelala. Niliacha mwezi wa tano, mwanangu wa pili alipoanza kumkimbilia bibi yake akiumia, mimi nikiwa nimesimama palepale. Hilo sikuliweka kwenye hesabu yangu ya mwanzo, na wewe naomba uliweke.

Wengine watakushauri mhamie katikati, Boma Ng'ombe au Usa River. Kwa mtu anayefanya kazi Tengeru au KIA ni shauri zuri. Kwa Njiro halikusaidii sana, maana unapunguza barabara kuu lakini bado unabadilisha gari mjini, na kutoka Usa River mume wako naye anapata safari ya kwenda Moshi ambayo leo hana.

Njia ya pili ndiyo wengi wanaichagua: chumba Arusha, Jumatatu hadi Ijumaa, wikiendi nyumbani. Tuseme umepata chumba cha 90,000 mahali unapoweza kufika Njiro kwa kifodi kimoja. Nauli hiyo inafutana na ile ya Pasua, tuiache. Ongeza luku na maji 15,000. Ukijipikia chai ya asubuhi na chakula cha usiku, pamoja na gesi, weka 50,000, na cha mchana usikihesabu kwa sababu hata Moshi ungekula mchana. Safari nne za wikiendi kwa 10,400 ni kama 42,000. Jumla ni 197,000. Ziada yako ni 155,000. Mmepungukiwa 42,000.

Lakini hapo hatujamgusa bibi. Leo anawaangalia watoto mchana, jioni unawachukua. Ukilala Arusha, usiku wa mtoto wa miaka miwili unakuwa wa nani? Mume wako ni mwalimu, lazima awahi shuleni, na asubuhi hiyohiyo kuna mwanafunzi wa kuvalishwa na kupewa uji na mdogo wa kupelekwa mtaa wa pili. Familia nyingi katika hali hii huishia kuleta dada wa kazi ndani ya mwezi wa pili, baada ya bibi kuugua mgongo au baba kuchelewa kazini mara tatu. Nimeweka 80,000 kwa dada. Chakula chake kitachukua nafasi ya kile ambacho wewe hukili nyumbani siku za wiki. Pengo linakuwa 122,000.

Njia ya tatu ni kuhama wote. Nyumba ya vyumba viwili Arusha niliyoiwekea 250,000 inaongeza laki moja juu ya kodi mnayolipa sasa. Bibi habebeki kwenye lori la vyombo, kwa hiyo dada anahitajika, 80,000 na chakula chake 40,000, kwa kuwa sasa ni mdomo wa ziada. Halafu kuna kitu ambacho sijawahi kuona mtu akikiandika kwenye hesabu ya kuhama: vinavyotoka mlimani. Hukunieleza, lakini kama mnapata mkungu wa ndizi, maziwa na mboga kutoka Kibosho au Machame bila kununua, Arusha mtavinunua sokoni Kilombero. Nimeviwekea 50,000, na kwa nyumba yenye watoto naona nimeweka kidogo. Jumla 270,000, pengo 115,000. Na hiyo ni kama mume wako amepata uhamisho. Mwalimu wa serikali anayetaka kuvuka mkoa anahitaji nafasi kule anakokwenda au mwenzake wa kubadilishana naye, na tarehe ya jambo hilo haiko mikononi mwenu. Mpaka itokee, mtakuwa na kodi mbili za nyumba.

Nitakuwa sikutendei haki nikiishia hapo, kwa sababu kuna fedha za Arusha ambazo hazijapotea ingawa hazifiki mfukoni. Makato makubwa ya Bodi yanapunguza deni lako mwenyewe. Kwa 225,000 kwa mwezi deni lako linakwisha ndani ya miezi 16. Kwa 127,500 unafika mwezi wa 29. NSSF nayo, ukijumlisha mchango wako na wa mwajiri, ingekuwa juu kwa 80,000 kila mwezi. Kama ungekuwa peke yako bila mtoto, ningekuambia hizo ni sababu nzuri za kwenda. Ila zitazame na tarehe zake. Mkataba wako ni wa miezi 12, na deni linakwisha mwezi wa 16. Unafuu mkubwa wa mkononi, pale Bodi itakapokoma kukata, uko nje ya karatasi waliyokupa. Kuliwahisha deni hakukupi faida kubwa pia, kwa kuwa ile asilimia 6 ya kulinda thamani ya mkopo ilifutwa mwaka 2021. Deni halikui ukilipa taratibu. Watoto ndio wanaokua mwezi huu, na pengo la 122,000 litazibwa na nini? Kwa kawaida linazibwa na mkopo wa kikundi, na huo una riba.

Upande wa Moshi nao una kitu kinachoonekana kizuri kuliko kilivyo: bima ya familia. Mume wako ni mtumishi wa umma. Mchango wake wa NHIF unamhudumia yeye, mwenza wake na wategemezi hadi wanne. Wewe na watoto mmeshakuwa ndani, au mnapaswa kuwa ndani; kama hamjaandikishwa, malizeni hilo wiki hii. Kwa hiyo bima ya pili usiithamini kwa bei ya bima nzima. Waulize inalipa nini ambacho kadi ya mume hailipi, na kama hawana jibu, iandikie sifuri. Nimeona mama aliyeacha kazi bora kwa ajili ya bima ambayo kadi yake hakuitumia hata mara moja.

Sasa turudi Arusha na kalamu. Kabla ya kuwajibu hapana, waandikie ukiomba mambo mawili. La kwanza ni mgawanyo wa mshahara. Tuseme wanakubali msingi 1,100,000 na posho ya nyumba na usafiri 400,000. Kwao gharama ni ileile. NSSF na kodi hazibadiliki. Bodi inashuka kutoka 225,000 hadi 165,000, na wewe unapata 952,000 mkononi badala ya 892,000. La pili ni nyongeza ya laki moja juu ya hapo, nayo iingie kwenye posho. Ghafi 1,600,000, msingi 1,100,000: NSSF 160,000, kodi 260,000, Bodi 165,000. Mkononi 1,015,000. Hapo ziada juu ya Moshi ni 278,000, na gharama ya chumba pamoja na dada ni 277,000. Umetoka sare. Milioni moja na laki sita hiyohiyo ikiandikwa yote msingi, mkononi ungepata 940,000 tu, na ungebaki na pengo la 74,000.

Mgawanyo huo una upande wake mbaya, uujue. Kiinua mgongo cha kisheria ni mshahara wa msingi wa siku 7 kwa kila mwaka kamili wa kazi, na saa za ziada pia huanzia kwenye msingi. Ukishusha msingi, hivyo vinashuka. Kwa mkataba wa mwaka mmoja na mtu mwenye deni la Bodi, bado naona unapata zaidi ya unachopoteza. Kwa kazi ya kudumu ya miaka kumi ningefikiri tena.

Ukiona wanasita, wasije wakakurudia na lile neno tamu, "tutakulipa neti." Mwajiri mmoja niliyemfanyia kazi alikuwa akiahidi kiasi cha mkononi, halafu anapeleka NSSF mchango wa mshahara mdogo kuliko uliokuwa kwenye mkataba. Wafanyakazi waligundua walipokwenda kufuatilia mafao, baada ya miaka. Kinga yake ni rahisi: mkataba uandikwe ghafi, msingi na kila posho kwa tarakimu, na mwezi wa kwanza ulinganishe salari slipu na taarifa yako ya michango. Kwa ghafi ya 1,500,000 lazima uone 300,000 imeingia, nusu yako na nusu yao. Ukiona 160,000, wametangaza 800,000.

Lingine la kuangalia ni miezi sita ya mwanzo. Mfanyakazi ambaye hajatimiza miezi 6 kwa mwajiri mmoja hana ulinzi kamili wa sheria ya ajira dhidi ya kuachishwa kazi isivyo haki. Na baba mwenye nyumba wa Arusha anataka nini? Kodi ya miezi sita mapema, au mitatu ukimbembeleza, na dalali anataka ya mwezi mmoja. Kwa chumba cha 90,000 hiyo ni 630,000 unayoitoa kabla ya mshahara wa kwanza, kwa kazi ambayo katika miezi hiyohiyo ni rahisi zaidi kukuponyoka. Kwa kampuni ya utalii jiulize pia unaanza mwezi gani. Ukianza Januari, miezi sita yako inapita katikati ya masika, Aprili na Mei, wakati wageni ni wachache na ofisi zinapunguza watu. Ukienda, panga kwa miezi mitatu hata kama chumba kitakuwa ghali kidogo, au anza kwa ndugu, na usihamishe mtoto shule kabla ya mwezi wa saba.

Kuna mtu mmoja ambaye barua yako inamtaja kama sehemu ya nyumba, na sijaona mahali palipoandikwa kwamba ameulizwa. Nenda kwa bibi kabla ya kuwaandikia Arusha. Muulize wazi kama anaweza kulala na mdogo siku nne za wiki, kwa muda gani, na angependa apewe nini. Akisema anaweza, dada hahitajiki, gharama ya chumba inarudi 197,000, na ule mgawanyo mpya wa 1,500,000 peke yake unakupa ziada ya 215,000. Zinabaki 18,000, na hizo, pamoja na kidogo kutoka kwa mume wako, ni za bibi. Akisema hawezi, usimbembeleze. Waandikie Njiro ile 1,600,000, uwape siku tano, na barua ya Moshi uiweke karibu na kalamu.